Mende Watano wa Ziwani

Mimi sikuzaliwa na subira. Mama alikuwa akisema nilitoka tumboni nikiwa nimeshakasirika, na huko kwetu Liuli wakunga walicheka mpaka wakakaa chini. Kwa hiyo msishangae nikisema kwamba mtihani wa majaribio wa baiolojia, kidato cha sita, niliuharibu kwa haraka zangu mwenyewe.

Tulipewa mende tumpasue, tuonyeshe utumbo wake wote, na hasa mirija ya Malpighi. Mende wenyewe walikuwa wa zamani, wamelala kwenye spiriti tangu kidato cha tano, wamepauka kama viazi vilivyomenywa. Nilipofungua mgongo nikakuta mafuta meupe yamejaa kila mahali. Nikayakwangua. Nikakwangua, nikakwangua, na yale mafuta yalipotoka yakatoka pamoja na vinyuzi fulani vyembamba kuliko unywele. Nikavifuta kwenye kitambaa nikaendelea na kazi, nimefurahi kwamba sahani yangu ni safi kuliko za wenzangu.

Sista, mwalimu wetu wa baiolojia, aliinama juu ya sahani yangu, akainama tena.

"Mirija iko wapi?"

"Sista, huyu hakuwa nayo."

Darasa zima likaangua kicheko. Sista hakucheka. Alikuwa Mmatengo wa hukohuko Mbinga milimani, shule yetu ilipokuwa, mfupi, mkavu, na alipokasirika sauti yake ilishuka badala ya kupanda. Alikichukua kile kitambaa changu, akanionyesha uchafu nilioupangusa. "Figo zake hizi. Umempasua mgonjwa ukazitupa figo." Halafu akaniambia wazi kwamba nikirudia hivyo kwenye mtihani wa taifa, baiolojia sipati, na bila baiolojia ile safari ya kusomea uganga wa hospitali niliyokuwa nikiitangaza kwa kila mtu isahauliwe. Nililia usiku, nikalia asubuhi, halafu nikakasirika, na hasira ilinisaidia zaidi.

Siku chache kabla ya mtihani wa vitendo Sista aliniita ofisini. Alikuwa na shida. Kila mtahiniwa alitakiwa apasue mende mkubwa aliye hai mpaka asubuhi ileile, na tulikuwa wasichana watano tunaosoma baiolojia. Lakini Mbinga kipindi kile baridi imeanza, kahawa inaanza kuiva, watu wanavaa makoti mpaka kanisani. Mende wa Mbinga ni wadogo na wachache. Wakubwa wale wekundu wanapenda joto. Joto liko kwetu ziwani.

"Wewe ni wa Liuli," Sista akasema. "Nenda Ijumaa, rudi Jumapili. Niletee mende."

Mungu wangu, nilivyofurahi! Niliteremka na lori la wafanyabiashara wa usipa, dagaa wetu wa ziwani. Ilikuwa ile miaka soko huria limeanza, kila mwenye lori amekuwa mfanyabiashara. Wanateremka na mahindi na mitumba, wanapanda na usipa, na Mbinga mjini wanunuzi binafsi wa kahawa wamejaa kila kona wakigombea wakulima. Mama aliponiona katikati ya muhula akadhani nimefukuzwa. Nilipomweleza, akashika kiuno.

"Watu wanapeleka samaki Mbinga, mwanangu anapeleka mende! Na huko wanakusomesha nini hasa?"

Lakini alinisaidia, tena kwa bidii. Alipaka mafuta ya kupikia shingoni mwa mtungi kwa ndani, akaweka masalia ya togwa na ganda la ndizi chini, akausimamisha mtungi gizani kwenye ghala la usipa. Mende wakaingia kufuata harufu, wakashindwa kutoka kwa sababu ya utelezi. Asubuhi tulipochungulia, weee! Wametapakaa humo wanapandana. Mama akapiga kigelegele kana kwamba tumevua samaki.

Niliwagawa kwenye makopo mawili ya maziwa ya unga. Kopo kubwa nilijaza, sikuwahesabu sawasawa, labda ishirini. Kopo dogo nikaweka sita wazuri wazuri, na huyo wa mwisho akawa mdogo, bado hajaota mabawa, aliingia kwa kudandia. Nikatoboa mifuniko yote miwili kwa msumari. Ukweli wake ni kwamba kopo dogo nililikusudia kwa ajili yangu. Nilitaka kujifunza kwa siri, nipasue mpaka mkono uzoee, ili siku ya mtihani nisije nikaitupa tena mirija. Ubinafsi, ndiyo. Sijui kama ningekuwa na moyo wa kuukiri kama mambo yasingegeuka yalivyogeuka.

Jumapili jioni nikamkabidhi Sista kopo kubwa. Yeye akamkabidhi Babu.

Babu alikuwa mtunza maabara. Jina lake lilikuwepo kwenye karatasi za malipo, sisi tulimwita Babu tu. Alikuwa mzee wa Kimatengo aliyeishia darasa la pili, lakini alijua kila chupa inakaa wapi, na hakuna aliyeosha vioo kama yeye. Kwa Babu, kiumbe chochote kilicholetwa uani ni mgeni, na mgeni hunyweshwa kwanza. Kuku wa zawadi akifika shuleni, kabla hajachinjwa, Babu atamwekea maji. Tulimzoea hivyo. Hakuna aliyefikiria kwamba atawafanyia hivyo na mende.

Mimi nikaficha kopo langu kwenye sanduku, chini ya kitanda bwenini. Jumatatu nafasi ya kupasua haikupatikana, Jumanne matroni alikuwa akizunguka kama askari, na kila siku nikajiambia kesho nitawapa maji. Siku zikapita. Kwenda bombani na kikopo cha mende ni kujitangaza, na mle koponi nilikuwa nimetupia makombo makavu ya mkate tu. Jumatano mchana nikawa na hakika wamekufa kwa kiu. Nikawasahau kwa makusudi, kama mtu anavyosahau barua mbaya.

Jumatano hiyohiyo, baada ya masomo, Sista alituita watano maabara tuone vifaa vya kesho. Akachukua kopo kubwa rafuni. Nikaona kitu cha kwanza kisicho sawa: matundu yangu ya msumari yamezibwa kwa nta ya mshumaa. Akafungua.

Jamani, ile harufu! Tuliruka nyuma wote. Ndani kulikuwa na pamba imelowa chepechepe, ugali umechacha, maji yamesimama chini, na mende wamelala chali wakielea. Kuta za kopo zimepakwa kinyesi chao cha majimaji kilichotiririka. Hakuna hata mmoja aliyetikisa mguu.

"Nani ameweka maji?"

Babu akasogea mbele, taulo lake begani. "Mimi, Sista. Niliwahurumia. Wametoka mbali, kopo kavu, hawana hata tone. Na matundu nikaziba wasitoroke."

Na mimi, mwenye kinywa kisicho na mlango, nikapiga kelele: "Babu, umetuua! Umetuua wote watano! Hujui kitu, kwa nini hukuuliza?"

Kumpigia kelele mzee namna ile, kwetu ni aibu isiyosemeka. Babu alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili. Sista akaniangalia kwa jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona joto masikioni. "Kosa ni langu," akasema kwa ile sauti yake ya kushuka. "Nilimpa kopo, sikumpa maelezo."

Akachukua mende mmoja kati ya wafu, akampasua haraka. Utumbo ulikatika kama uji uliopoa. Mirija haikuwepo kabisa, imeshaoza na kuchanganyika na mafuta. "Hawafai," akasema. Lori la kwenda Liuli na kurudi lisingewahi. Wenzangu wakaanza kulia, mmoja baada ya mwingine, na kilio cha wasichana kinaambukiza.

Hapo ndipo nikasema. Nilisema nikitazama sakafu. "Sista, mimi ninalo kopo jingine. Niliwaficha. Lakini nadhani nao wamekufa, maana sijawapa maji tangu Jumamosi."

"Tangu Jumamosi? Hata tone?"

"Hata tone."

Nikategemea kofi. Badala yake Sista akanishika bega, macho yake yakawa yamewaka. "Kimbia ukalilete! Kimbia, msichana!"

Nilikimbia mpaka kiatu kikabaki njiani. Nikarudi na kopo nimelikumbatia kifuani, sisikii kitu ndani isipokuwa moyo wangu. Sista akaweka sikio kwenye kifuniko. Akatabasamu. Na mimi, haraka zangu, sikungoja aseme lolote, nikakibandua kifuniko.

Wakapanda mpaka ukingoni! Hai! Hai kabisa, tena wana mbio! Mmoja akapita juu ya mkono wangu akaruka sakafuni, wasichana wakapanda juu ya viti wakipiga mayowe, "Mama weee!", na matroni aliyekuja kuuliza fujo ni ya nini akaingia na kandambili yake, pa! Akamkanyaga palepale mlangoni akiona ametusaidia. Sista akapiga kiganja juu ya kopo. Wamebaki watano. Wasichana watano, mende watano. Tulicheka na kulia kwa pamoja, sijawahi kucheka vile tena.

"Lakini Sista," nikauliza nilipopata pumzi, "hawa hawakunywa. Wamekaaje hai?"

Sista aliwahamishia wale watano kwenye chupa tupu, kisha akakung'uta kopo langu juu ya karatasi nyeupe. Vikadondoka vipunje vyeusi, vikavu, vigumu, vikabingirika kwenye karatasi kama pilipili manga. Pembeni yake akachota kwa kijiti kinyesi cha kopo la Babu, akakipaka. Kikaacha doa la maji lililotambaa. Akasema, "Tazameni. Mende walewale, ghala lilelile. Wale waliokufa wamekosa hewa, lakini tofauti ya vinyesi hivi ni maji tu. Sasa nani ataniambia kimetokea nini?"

Tukainama juu ya ile karatasi ya kinyesi, watano, kana kwamba ni barua kutoka mbinguni. Na pale ndipo kitu kilichokuwa kimelala kwenye daftari langu miezi yote kikaamka. Mirija ile inaelea ndani ya damu ya mende, damu isiyo nyekundu. Inasukuma chumvi ndani yake, maji yanaifuata chumvi, na takataka zinaingia humo humo. Halafu yote yanamwagwa kwenye utumbo, pale utumbo wa kati unapokutana na utumbo wa nyuma. Mambo yangeishia hapo, mende angejikojolea mpaka akauke. Lakini hayaishii hapo.

"Utumbo wa nyuma!" nikapiga kelele. "Unayanyonya! Unayarudisha!"

"Unarudisha nini?"

"Maji, Sista! Na chumvi anayoihitaji! Mwisho kabisa, pale kabla ya kutoka nje, kuna vile vidonge sita vya nyama ukutani, vinayavuta maji kuyarudisha mwilini. Kinachotoka ni taka kavu!"

"Na yule aliyenyweshwa?"

"Hana haja ya kubana. Anayaachia."

Sista akapiga meza. Akatuongezea mengine akitembea huku na huko, mikono ikiruka, sijawahi kumwona hivyo. Kwamba mende ana ujanja zaidi, sehemu ya taka zake anaziweka akiba kwenye yale mafuta meupe, yale niliyoyakwangua kwa hasira. Kwamba ngozi yake ina nta inayozuia maji yasitoke. Kwamba hata makombo makavu, yakishasagwa na kutumika mwilini, yanazaa maji kidogo. Kwamba wako wadudu wa unga na nafaka wanaomzidi: ncha za mirija yao zimeshonwa kwenye utumbo wa nyuma, zimefunikwa pamoja kwa utando, wanakamua kinyesi mpaka tone la mwisho, ndiyo maana wanaishi kwenye gunia kavu wasikokunywa maisha yao yote. "Na baridi yetu ya Mbinga nayo imewasaidia," akamalizia, maana hakupenda kutia chumvi. "Kwenye baridi mdudu anapoteza maji polepole."

Niligeuka nimwone Babu. Alikuwa ameshaondoka.

Asubuhi ya mtihani tulipangwa kwa namba zetu, na mimi nilikuwa wa mwisho. Msimamizi alitoka shule nyingine, mwanamume mrefu asiyetabasamu. Mende waligawiwa kwa namba vilevile. Ilipofika zamu yangu akabaki yule mdogo asiye na mabawa. Nikamtazama. Hakuna wa akiba. Nikikosea, nimekosea. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nilimtia kwenye chupa ya dawa ya usingizi mpaka akatulia, nikambana kwenye nta ya sahani kwa pini, nikamwagia maji mpaka yakamfunika. Nikauambia mkono kimoyomoyo: taratibu, wewe mkono wa Liuli, haraka haraka haina baraka. Nikakata pembeni, kushoto kisha kulia, nikanyanyua mgongo. Mafuta meupe yaleyale. Safari hii sikukwangua. Nilichukua bomba la kudondoshea maji, nikapulizia maji kidogo kidogo, mafuta yakalegea yakaelea, nikayatoa kwa kibano kipande kwa kipande. Nikauvuta utumbo pembeni polepole, nikaukunjua.

Na hapo nikaiona. Pale utumbo wa kati unapokwisha, ikafunguka ndani ya maji, nyuzi na nyuzi na nyuzi, za rangi ya manjano hafifu, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, zinayumba kila nilipopumua juu ya sahani. Loo jamani, ni nzuri! Nilitaka kupiga kelele nikaziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalinidondoka, nikaogopa yasiingie kwenye sahani yakaharibu kazi. Nikachora. Nikachora mpaka utumbo wa nyuma, mpaka vile vidonge sita mwishoni. Nikafungua karatasi ya maswali, yote kwa Kiingereza, na swali la mwisho lilikuwa likiuliza sehemu ile ya nyuma ya utumbo inamsaidiaje mdudu anayeishi mahali pakavu. Nilikaribia kusimama nicheze. Niliandika nikivuta picha ya vile vipunje vikavu vinavyobingirika na lile doa lililotambaa. Niliandika mpaka kalamu ikaanza kukwaruza. Msimamizi alipopita, alisimama nyuma yangu kwa muda. Aliondoka, kisha akarudi kutazama tena.

Tulipotoka, wenzangu walikimbilia bwenini wakiimba. Mimi nilibaki mlangoni. Babu alikuwa anaingia na beseni kukusanya sahani.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mama." Hakunitazama.

Nilipiga magoti pale kwenye sakafu ya maabara. Nikamwambia nisamehe, Babu, nilikosa adabu, na wale wa kwangu sikuwaacha na kiu kwa sababu nilijua watavumilia, niliwaacha kwa woga na ubinafsi. Wewe uliwahurumia, mimi hata huruma sikuwa nayo. Akaninyanyua kwa kiwiko. Nikamvuta mpaka mezani kwangu, nikampa kioo cha kukuzia, nikamwonyesha kwa ncha ya pini: hapa maji yanaingia, hapa yanarudi. Aliinama muda mrefu mno, jicho moja amelifumba.

"Kumbe ana kisima chake," akasema. "Miaka yote naosha hizi sahani. Hakuna aliyeniambia nitazame." Halafu akakirudisha kioo mezani, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Na wenzako wameweza? Au nimewaharibia?"

Nikamwambia tungoje matokeo.

Miezi ikapita. Nilikuwa nyumbani Liuli nikianika usipa na mama, siku ya jua kali, tulipoona lori limesimama na mzee mmoja akishushwa, vumbi limemvaa mpaka kwenye nyusi. Mimi sikumtambua mpaka alipovua kofia. Babu! Babu ambaye hakuwahi kuteremka ziwani maisha yake yote. Mkononi alikuwa na bahasha ya Sista, imefungwa, jina langu juu.

Mama alikimbilia kiti. Babu akakataa. Watoto wa jirani wakaleta mkeka, akakataa. "Sikuthubutu kumuuliza Sista. Nitakaa akishasoma," akasema.

Nilichana bahasha vibaya, karatasi ikataka kuchanika nayo. Nikatafuta jina langu, nikatafuta baiolojia, nikaiona alama, nikaruka juu! Nikamkumbatia mama, usipa ukamwagika mchangani, mama akipiga vigelegele hata hajui ni vya nini, mimi nikipiga kelele nimepita, nimepita, mama nakwenda kusomea uganga! Nilizunguka chanja lote nikiruka. Nilipogeuka, Babu alikuwa bado amesimama palepale juani, kofia mikononi.

"Na wengine?" akauliza.

Nikairudia karatasi. Sista alikuwa ameandika majina yote matano kwa mkono wake, na mbele ya kila jina, alama ya baiolojia. Nikayasoma kwa sauti, moja moja, mpaka la mwisho.

"Wote, Babu. Wote watano."

Akakaa chini. Hakungoja kiti wala mkeka, alikaa mchangani katikati ya usipa uliomwagika, akafunika uso kwa kofia yake, akalia.